IRR imegoma: kisa cha fremu za kikundi, #NUM! kwanza, halafu Err:523

Hiki kisa ni cha kikundi cha kuweka na kukopa ambacho kilikuwa kinataka kuhama kutoka kwenye kukopeshana tu na kuingia kwenye kununua fremu za biashara. Fremu ziko sehemu yenye wapangaji wa uhakika, muuzaji anataka milioni 40, kodi zote kwa pamoja zinaingiza 240,000 kwa mwezi. Wanachama wakakubaliana wapige hesabu ya miaka 10, mwezi kwa mwezi, na mwisho wa miaka hiyo wachukulie wanauza kwa bei ile ile ya milioni 40, kwa sababu hawakutaka mtu aje aseme ardhi inapanda tu kila siku halafu hesabu nzima ikasimama juu ya matumaini. Namba nimezizungusha kidogo ili na wewe uweze kuzijaribu mwenyewe, lakini mpangilio wa faili ni ule ule.

Mweka hazina akatengeneza faili kwenye Excel. Kolamu A ina miezi kuanzia 0 mpaka 120, kolamu B ina pesa: B2 ni manunuzi, B3 mpaka B121 ni kodi 240,000 kila mwezi, B122 ni kodi ya mwezi wa mwisho pamoja na mauzo, yaani 40,240,000. Chini yake akaandika fomula ya kawaida kabisa:

```
=IRR(B2:B122)
```

Ikatoka #NUM!. Akarudia kuandika, ikatoka hiyo hiyo. Akanitumia faili na ujumbe, "kaka hebu niangalizie, kesho nina kikao na watu wanataka asilimia."

Kabla ya kugusa chochote inabidi ujue IRR inatafuta nini, maana bila hapo utabaki kubahatisha. IRR ni ile riba ambayo ukiitumia kupunguza thamani ya pesa za mbeleni na kuzirudisha leo, jumla ya kila kitu kwa thamani ya leo, ambayo ndo inaitwa NPV, inakuwa sifuri. Sasa jumla haiwezi kuwa sifuri kama pesa zote zinaelekea upande mmoja. Zote zikiwa chanya, weka riba yoyote unayotaka, jumla itabaki chanya, itapungua tu lakini haitavuka mstari wa sifuri. Zote zikiwa hasi ni vile vile kwa upande wa chini. Ndo maana sharti la kwanza la IRR ni kuwepo na angalau namba moja hasi na moja chanya kwenye safu, na likikosekana unapewa #NUM! bila maelezo yoyote.

Lakini kwenye faili la mweka hazina hasi ilikuwepo, unaiona kwa macho pale B2, imeandikwa -40,000,000/= na alama ya kutoa iko mbele. Hapa ndo watu wengi wanapotea, maana wanaangalia kwa macho yao na kusema sharti limetimia, wakati programu haioni wanachoona wao. Ile "/=" aliyoizoea kwenye risiti imegeuza seli nzima kuwa maandishi, na IRR ikipewa safu inaruka maandishi kimyakimya, hailalamiki. Kwa hiyo kilichobaki mbele yake ni namba 120, zote chanya. Kwa upande wake sharti halijatimia na #NUM! yake ni ya haki kabisa.

Dalili ilikuwa wazi kwa anayejua pa kuangalia: namba zote zilikuwa zimeegemea kulia kwenye seli na ile ya B2 peke yake imeegemea kushoto. Ila usitegemee macho, maana mtu akishapanga kolamu nzima ikae katikati dalili hiyo inapotea. Uliza programu yenyewe inaona hasi ngapi na chanya ngapi:

```
=COUNTIF(B2:B122,"<0")
=COUNTIF(B2:B122,">0")
```

Kwenye faili lile ya kwanza ilitoa 0 na ya pili ikatoa 120. Jumla 120, wakati safu ina seli 121. Kwa hiyo kwa mistari miwili tu unajua mambo mawili: hakuna hasi, na kuna seli moja ambayo si namba. Ukitaka kuithibitisha unaandika =ISNUMBER(B2), ikajibu FALSE.

Dawa yake ni ndogo, unachagua kolamu, kama imewekwa kwenye mpangilio wa Text unaibadilisha iwe General, halafu unatafuta "/=" na kuibadilisha na utupu, inabaki -40,000,000 na Excel inaisoma kama namba. Kuna ndugu wawili wa tatizo hili hili ambao nimekutana nao mara nyingi. Wa kwanza ni "TSh" iliyoandikwa kwa mkono mbele ya namba kwenye kompyuta ambayo haijapangwa kwa sarafu hiyo, nayo inakuwa maandishi. Wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani: mtu ananakili hesabu kutoka kwenye Word au meseji na ile alama ya kutoa kumbe siyo ya kutoa, ni kistari kirefu cha uandishi, kwa macho ni kile kile lakini programu haikitambui. Hicho futa na uandike upya kwa kibodi. Mabano hayana shida, ukiandika (40000000) Excel inaelewa ni hasi, hiyo ni desturi ya wahasibu na imezingatiwa.

Na wapo wanaoandika kila kitu chanya kwa makusudi, wanasema "si inajulikana kuwa manunuzi ni matumizi". IRR haisomi kichwa cha mstari, inasoma alama tu. Pesa inayotoka mfukoni ina alama ya kutoa, inayoingia haina, basi. Kwa anayekopa ni kinyume, mkopo unaingia kama chanya na marejesho yanatoka kama hasi, na jibu ni lile lile.

Haya, B2 ikarekebishwa, hesabu ya hasi ikawa 1, chanya 120. Mweka hazina akamtumia katibu faili ili achapishe kwa ajili ya kikao, na katibu kwenye laptopu yake anatumia LibreOffice Calc. Pale penye IRR ikaonekana Err:523. Mweka hazina akakata tamaa kabisa maana alidhani tatizo limekwisha, na kwenye kundi wakaanza kusema faili limeharibika njiani.

Faili halikuharibika. Hili ni tatizo la pili, tofauti na la kwanza, na ndo sehemu ya kisa hiki ambayo naona inastahili kuelezwa taratibu kwa sababu watu hawafundishwi. Safari hii jibu lipo, tena ni moja tu, ila programu imelitafuta pasipo.

IRR haina fomula ya moja kwa moja ya kukupa jibu ukiwa na miezi 120. Programu inaanza na makisio, inaangalia NPV ni ngapi pale, inasogea, inaangalia tena. Usipoiambia ianzie wapi, Excel inaanzia 10% na Calc pia inaanzia 10%. Zote zinaruhusu majaribio 20 tu, yakiisha bila jibu kutulia Excel inasema #NUM! na Calc inasema Err:523, maana yake hesabu haikutulia. Sasa zingatia kwamba hiyo 10% ni kwa kipindi kimoja, na kipindi chetu ni mwezi. Asilimia 10 kwa mwezi, kwa fremu za kodi 240,000 kwenye milioni 40! Makisio hayo yangefaa kama kila mstari ungekuwa mwaka, kwa mwezi yako mbali mno na ukweli.

Nikupe namba uone kinachotokea ndani. Kwenye riba ya 10% kwa mwezi, kodi zote za miaka 10 zina thamani ya leo kama 2,400,000 tu, na ile milioni 40 ya mauzo inayokuja mwezi wa 120 thamani yake leo ni shilingi 431. Siyo elfu, shilingi 431. NPV inakuwa karibu hasi 37,600,000. Calc inatumia njia ya Newton, yaani inachora mstari ulionyooka unaogusa mchoro wa NPV pale ilipo na kuufuata mpaka unapokata sifuri. Tatizo ni kwamba kule kwenye 10% mchoro umeshalala, mteremko wake ni mdogo ukilinganisha na umbali wa kwenda, kwa hiyo mstari huo unakwenda mbali sana kabla ya kugusa sifuri. Ukigawa, hatua ya kwanza inaitoa kwenye 10% na kuitupa karibu -146%. Riba chini ya -100% haina maana yoyote ya kibiashara, huwezi kupoteza zaidi ya kila kitu, lakini programu haijui hilo, inaendelea kupiga hesabu na kugawanya kwa namba hasi iliyopandishwa kwa kipeo cha 120, inapata namba zenye tarakimu zaidi ya 40, na kila hatua inayofuata inasogea kidogo sana. Jaribio la 20 linafika bado inahangaika huko huko chini, inarudisha Err:523.

Excel nayo ina kikomo hicho hicho cha majaribio 20, na safu ndefu ya miezi yenye riba ndogo ni mahali inapoweza kukwama vile vile. Kwa hiyo usijenge faili linalotegemea bahati ya programu gani imelifungua.

Kabla ya kuipa makisio mapya, mimi napenda kwanza kujua jibu liko wapi, na hilo halihitaji IRR kabisa. Unaweka riba kadhaa pembeni na kupiga NPV kwa kila moja:

```
=$B$2+NPV(D2,$B$3:$B$122)
```

Angalia B2 iko nje ya NPV, kwa sababu NPV ya Excel inachukulia namba ya kwanza inayopewa imetokea mwisho wa kipindi cha kwanza, na manunuzi yetu yametokea leo. Kwenye D2 na kushuka chini weka 0, 0.005, 0.01. Kwa riba ya 0 unapata chanya 28,800,000, ambayo ni kodi zote tu. Kwa 0.5% unapata chanya kama 3,600,000. Kwa 1% unapata hasi kama 11,150,000. Alama imegeuka kati ya 0.5% na 1%, kwa hiyo jibu limejificha humo, na ukishajua hivyo makisio siyo ya kubahatisha tena:

```
=IRR(B2:B122,0.005)
```

Ikatoka 0.6% kwenye kompyuta zote mbili. Na hii unaweza kuihakikisha kwa kichwa, maana umenunua kwa milioni 40, unauza kwa milioni 40, katikati unapata 240,000 kila mwezi, na 240,000 kugawa kwa 40,000,000 ni 0.006. Kesi za namna hii ambapo bei ya kuuza ni sawa na ya kununua ni nzuri sana kwa kupimia faili jipya, kwa sababu jibu unalijua kabla.

Kwa nini nimechagua 0.5% na siyo 1%, wakati hata 1% ingefanya kazi hapa? Ukiwa na mradi wa kawaida, yaani pesa inatoka mwanzoni halafu zinazofuata zote zinaingia, mchoro wa NPV unashuka kwa kasi mwanzoni halafu unalala. Ukianzia kushoto kwa jibu, yaani makisio madogo kuliko ukweli, kila hatua inapanda kuelekea jibu bila kulipita. Ukianzia kulia, hatua ya kwanza inaruka kushoto, na ukiwa mbali sana kulia unarushwa mpaka kule kwenye -146%. Kuanzia 1% kunairudisha mpaka 0.504% halafu inapanda kwenda 0.6%, imenusurika kwa sababu ilikuwa karibu. Kwa hiyo kwa mradi wa aina hii kukisia chini ni salama kuliko kukisia juu.

Na chini ni chini kiasi gani? Jumlisha kolamu tu, =SUM(B2:B122). Ikiwa chanya, IRR ni chanya na hata makisio ya 0 yatakuwa upande salama. Ikiwa hasi, mradi unarudisha pungufu ya ulichoweka, IRR nayo ni hasi, na hapo makisio ya 0 yako kulia, toa makisio hasi kama -0.01. Watu wanashangaa sana mradi wa hasara ukitoa #NUM! na wanadhani ni kwa sababu hasara haina IRR, kumbe inayo, ila inatafutwa kutokea upande mbaya.

Sasa ile 0.6% ni ya mwezi, mweka hazina alitaka ya mwaka. Usizidishe kwa 12 ukaandika 7.2%, pandisha kwa kipeo cha 12, maana kila mwezi riba inajengeka juu ya ya mwezi uliopita:

```
=(1+IRR(B2:B122,0.005))^12-1
```

Inatoka 7.44%. Hiyo ndo ya kuweka mezani pembeni ya riba ya amana au hati fungani, na pale kikao kilikuwa na cha kujadili, maana 7.44% bila kuhesabu matengenezo wala mwezi ambao fremu iko tupu si ya kushangilia.

Na nikishagusa mwezi mtupu niseme hili hapa hapa. Mweka hazina aliuliza, mwezi ambao mpangaji hayupo aache wazi? Hapana, aandike 0. Seli tupu inarukwa kama maandishi yalivyorukwa, na mwezi unaofuata unavutwa nyuma kana kwamba pesa imeingia mapema zaidi. Hapo hutaona #NUM! wala Err, utaona asilimia nzuri ambayo siyo ya kweli, na mimi naiogopa hiyo kuliko kosa lenyewe, kwa sababu kosa angalau linakusimamisha.

Kwenye faili hilo hilo kulikuwa na shiti ya pili, kiwanja ambacho kikundi kinalipia kwa awamu, 500,000 kila mwezi kwa miezi 18, hakijauzwa, hakijapangishwa. IRR yake #NUM!. Katibu akiwa ameshajifunza habari ya makisio akaanza kujaza 0.01, 0.001, -0.05, ikakataa zote. Itaendelea kukataa, kwa sababu hapa tumerudi kwenye sababu ya kwanza, ila kwa ukweli wake: namba 18, zote hasi, hakuna maandishi yaliyojificha. COUNTIF ya chanya inatoa 0 na seli zote ni namba. Hakuna riba duniani inayofanya jumla ya namba hasi iwe sifuri, kwa hiyo hakuna makisio yatakayosaidia. Kama mnataka asilimia lazima mwandike mstari mmoja chanya, thamani ya kiwanja leo kama kingeuzwa, na muandike waziwazi ni makadirio ya nani. Kama hamna makadirio mnayoyaamini, basi asilimia bado haijulikani na muandike hivyo.

Katibu alikuwa ameshaifunika kwa =IFERROR(IRR(C2:C19),0) ili karatasi itoke safi. Nikamwomba aiondoe. Sifuri pale inasomeka kama kiwanja kimerudisha pesa yote bila faida, wakati hakijarudisha hata shilingi. Mwanachama anayesoma karatasi hawezi kujua kuna kosa limefunikwa chini yake. Kama #NUM! inawakera wekeni maneno badala ya namba:

```
=IF(COUNTIF(C2:C19,">0")=0,"Bado hakuna mapato",IRR(C2:C19,0))
```

Kuna hali moja imebaki, ni nadra ila ukikutana nayo itakusumbua kwa sababu hasi ipo, chanya ipo, makisio umejaribu yote na bado #NUM!. Inatokea alama zikigeuka zaidi ya mara moja. Chukua mradi ambao mteja anakupa milioni 10 ya kuanzia, kipindi kinachofuata unatumia milioni 20, halafu unalipwa milioni 15. Piga NPV kwa riba mbalimbali kama tulivyofanya juu: kwa 0 ni milioni 5, inashuka, kwa 50% ni kama milioni 3.33, na hapo ndo chini kabisa, baada ya hapo inapanda tena. Haigusi sifuri popote. Sharti la hasi na chanya limetimia na bado IRR haipo, kwa sababu lile sharti halitoshi kukuhakikishia jibu, linaondoa tu zile kesi ambazo hazina jibu waziwazi. Mradi wenyewe siyo mbaya, NPV yake ni chanya kwa kila riba, ni IRR tu ambayo si kipimo chake. Hapo unaachana nayo, unachagua riba ambayo kikundi kinaidai kwa pesa zake na unaripoti NPV kwa shilingi.